Kwa nini zena moja inapanda kwa joto na nyengine inashuka

*"Assalaam alaykum mwalimu. Nachaji betri za taa za wavuvi wa dagaa hapa Wete kwa paneli za sola. Saketi ya kukata chaji nimeitengeneza mwenyewe kwa LM358 na zena ya 9.1 V, kipinga chake 220 Ω. Asubuhi inakata kwenye 14.4 V, lakini mchana chini ya bati inafika 14.7 V na betri zinakunywa maji. Nikadhani zena ni feki, nikaweka ya 3.3 V na kipinga cha 1 kΩ, nikairekebisha upya asubuhi. Sasa mchana inakata 14.0 V. Fundi mwenzangu anasema zena ikishavunjika kinyume imeshaharibika, ndiyo maana hazitulii. Nifanye nini?"*

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Zena zako zote mbili ni nzima, na vipimo ulivyochukua ni vizuri kuliko ulivyodhani. Umenunua vitu viwili vyenye jina moja na umbo moja la kioo, lakini ndani vinafanya kazi kwa njia mbili tofauti kabisa, na joto linaisukuma kila njia upande wake. Ukishaona kwa nini, utajua pia ni zena gani ya kuweka, na utajua kwamba hata zena isiyotikisika kabisa haitamaliza tatizo la betri zako.

Nianze na mwenzako. Hilo neno kuvunjika ndilo linalompotosha. Zena ni dioda, na dioda ikiungwa kinyume, katikati yake hubaki utando usio na chembe huru za umeme, na utando huo ndio unaozuia. Volti zikiwa chache, mkondo unaopita ni mdogo hata mita yako haiuoni. Volti zikifika kiwango fulani, uzuiaji huo unashindwa na mkondo unapita kwa wingi. Kinachovunjika ni uzuiaji tu. Silikoni yenyewe haijapasuka wala haijaungua. Ukishusha volti, utando unarudi kuzuia kama mwanzo, na zena inaweza kukaa katika hali hiyo miaka, kwani ndiyo kazi iliyotengenezewa. Kinachoiua ni joto. Iunge zena ya 9.1 V moja kwa moja kwenye betri bila kipinga, mkondo utapanda bila kikomo na itakufa mara moja. Ukiweka kipinga kinachobana mkondo, hakuna kinachoharibika. Mwenzako pengine ameziona zilizokufa za namna ya kwanza, akahukumu zote.

Sasa tuingie ndani ya hiyo ya 3.3 V. Kiwandani silikoni yake imetiwa uchafu wa makusudi kwa wingi sana, pande zote mbili, na matokeo yake ni kwamba utando wa katikati ni mwembamba mno, makumi machache ya nanomita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko huo zaidi ya mara elfu. Volti tatu ni kidogo, lakini ukizibana katika unene huo unapata uga wa umeme unaofikia volti milioni 1 kwa kila sentimita. Hapo hutokea jambo ambalo halina mfano mzuri katika maisha ya kila siku, kwa hiyo nitalisema lilivyo. Elektroni iliyofungwa kwenye atomi upande mmoja haina nguvu ya kuuruka ukuta ulio mbele yake. Lakini elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi halikatiki ghafla linapofika ukutani; linaendelea kufifia ndani yake. Ukuta ukiwa mwembamba vya kutosha, sehemu ya wimbi inatokeza upande wa pili, na elektroni inaonekana huko bila ya kuruka chochote. Imepenya. Huku ndiko kuvunjika alikokueleza mwanafizikia Clarence Zener mwaka 1934, alipokuwa akichunguza kwa nini vihami hushindwa kuzuia umeme, na ndipo jina la zena lilipotoka.

Ya 9.1 V ni kisa chengine. Uchafu wake ni mchache zaidi, utando wake ni mnene zaidi, na kupenya kwa namna ile kunakuwa kudogo kiasi cha kutohesabika. Lakini mna chembe chache zinazovuja, na uga wa umeme unazikimbiza. Fikiria kichochoro chembamba siku ya mkesha wa sikukuu, watu wamejaa, na kijana anatoka mbio kutoka mwisho mmoja. Akipata hatua tano au sita za wazi, anapata kasi, na akimgonga mtu mwenye sinia la vitumbua, sinia linaruka na mwenye sinia naye anayumba mbele. Elektroni hufanya vivyo hivyo. Ikipata kasi ya kutosha kabla ya kugonga, kishindo chake kinaing'oa elektroni nyengine kwenye atomi. Sasa ziko mbili, zinakimbizwa zote, zinagonga, zinakuwa nne, na pengo zilizoliacha nyuma nalo linakimbia upande wa pili likigonga kwa njia yake. Haya ni maporomoko, na ndilo jina la njia hii. Waliothibitisha kwamba silikoni huzidisha chembe zake hivi ni McKay na McAfee wa maabara za Bell, mwaka 1953.

Ukizishika picha hizo mbili, jibu la joto linakuja lenyewe.

Katika maporomoko, kila kitu kinategemea elektroni kupata nafasi ya kukimbia bila kuguswa. Silikoni ikipata joto, atomi zake hutetemeka zaidi. Kichochoro ni kile kile, lakini sasa kila mtu anacheza, na kijana wetu anakwaruzwa begani kila baada ya hatua mbili. Kasi aliyokusanya inapotea njiani kabla hajafika kwa mwenye sinia. Ili agonge kwa kishindo kile kile, lazima asukumwe kwa nguvu zaidi. Ndiyo kusema uga mkubwa zaidi unahitajika, na volti ya kuvunjika inapanda. Zena ya 9.1 V ya kawaida, tuseme BZX84C9V1, hupanda kwa kiasi cha milivolti 5.5 kwa kila nyuzi 1 ya joto.

Katika kupenya hakuna mbio. Elektroni haihitaji nafasi ya kukusanya kasi, kwa hiyo mtetemo wa atomi hauiumizi. Kinachoamua ni ukuta wenyewe, na urefu wa ukuta ni lile pengo la nishati la silikoni, ambalo katika joto la kawaida ni takriban elektroni-volti 1.12. Silikoni ikipata joto, pengo hili hupungua kidogo, kama robo ya sehemu moja ya elfu ya elektroni-volti kwa kila nyuzi. Ni kidogo sana kwa kusikia, lakini kupenya ni jambo linalobadilika kwa ukali. Ukuta ukifupika kwa chini ya asilimia 1, mkondo unaopenya unaongezeka kwa kiasi unachokiona kwenye mita. Mkondo ule ule sasa unapatikana kwa volti chache zaidi. Ndiyo maana zena ya 3.3 V hushuka, kwa kiasi cha milivolti 2.4 kwa kila nyuzi.

Mpaka kati ya njia hizi mbili hauko kama mstari uliochorwa kwa rula. Chini ya volti 5 kupenya ndiko kunakotawala. Juu ya volti 7 hivi ni maporomoko matupu. Katikati, kwenye 5.1, 5.6 na 6.2, zote mbili zinafanya kazi ndani ya dioda moja, moja ikivuta juu na nyengine ikivuta chini, na karibu zinakatana. Ya 5.1 V bado inashuka kidogo, chini ya milivolti 1 kwa nyuzi. Ya 5.6 V imeshaanza kupanda, milivolti 1 na kidogo. Kwa hiyo nyingi za dioda tunazoziita zena madukani, kuanzia 6.8 mpaka 75 na zaidi, ukweli wake ni dioda za maporomoko zilizopewa jina la njia nyengine. Jina limeshazoeleka na sikushauri ubishane na muuza duka, ila wewe kichwani mwako zitenganishe.

Sasa tuchukue saketi yako na tuipigie hesabu. Nakisia asubuhi kijisanduku chako kina nyuzi 25, na mchana chini ya bati kinafika 60. Tofauti ni nyuzi 35. Zena ya 9.1 V itapanda 35 mara 5.5, yaani milivolti 192, karibu asilimia 2.1 ya volti zake. LM358 yako inalinganisha kipande cha volti ya betri na zena, kwa hiyo zena ikipanda kwa asilimia 2.1, kiwango cha kukata nacho kinapanda kwa asilimia hiyo hiyo. Asilimia 2.1 ya 14.4 ni 0.3. Unapata 14.7 V, namba ile ile uliyoniandikia. Ya 3.3 V inashuka milivolti 84, sawa na asilimia 2.5, na kiwango kinashuka mpaka karibu 14.0 V. Zena feki isingekubaliana na hesabu kwa karibu hivi.

Lakini kuna jambo katika saketi yako ya kwanza ambalo limeniuma nilipoliona, nalo ni kile kipinga cha 220 Ω. Betri ikiwa 14.4 V, kinachobaki juu ya kipinga ni 14.4 toa 9.1, yaani 5.3 V, na mkondo ni miliampea 24. Zena inakula 9.1 mara 24, karibu miliwati 220. Zena ndogo ya kioo ya nusu wati hupanda joto kwa kiasi cha nyuzi 300 kwa kila wati inapokaa hewani, kwa hiyo hiyo yako inajipasha yenyewe nyuzi 66 juu ya joto la sanduku. Mchana kiini chake kinafika nyuzi 126. Haifi, lakini zidisha 66 kwa 5.5, utaona kwamba dakika za mwanzo tu baada ya kuwasha, volti yake inapanda zaidi ya theluthi ya volti kabla jua halijafanya lolote. Ukiirekebisha saketi mara tu baada ya kuiwasha, unairekebisha kwa zena ambayo si ile itakayofanya kazi baada ya dakika tano. Mafundi wengi huiongezea zena mkondo wakidhani itatulia zaidi. Zena ya maporomoko ya 9.1 V inatulia vizuri kwa miliampea 5. Zaidi ya hapo unanunua joto tu.

Usinikubalie kwa maneno, lijaribu mwenyewe, halikugharimu kitu. Chukua betri iliyotulia yenye 12.6 V. Unga zena ya 9.1 V kinyume, ule upande wenye mstari kwenye chanya, kupitia kipinga cha 680 Ω, na mita yako iwe juu ya zena. Funga zena kwenye kijifuko cha nailoni maji yasiiguse, ichovye kwenye kikombe cha barafu, subiri dakika mbili, soma. Kisha ichovye kwenye kikombe cha maji ya chai yaliyopoa kidogo, yenye kama nyuzi 70. Nilipofanya hivi mezani kwangu, ya 9.1 V ilipanda kwa kiasi cha milivolti 380 kutoka barafu mpaka chai. Badilisha, weka ya 3.3 V na kipinga cha 1.8 kΩ, na utaiona mita ikienda kinyume, inashuka kama milivolti 170. Ukiwa nayo ya 5.1 V au 5.6 V, itie pia, na itasogea kidogo sana kulinganisha na hizo mbili. Vikombe viwili vitakuonesha nani anapenya na nani anaporomoka hata kama maandishi kwenye kioo yamefutika.

Kuna dalili nyengine isiyohitaji joto. Pima volti ya zena kwa miliampea 5, kisha kwa miliampea 1. Ya maporomoko ina kona kali, kwa hiyo 9.1 V itabaki karibu pale pale. Inayopenya ina kona ya mviringo, na ile ya 3.3 V ikipewa miliampea 1 inaweza kusoma 2.6 hivi. Hapa ndipo zena nyingi nzima za volti ndogo zinapotupwa kwa kuitwa feki, kwa sababu fundi amezipima kwa kipinga kikubwa mno. Maandishi ya 3.3 yanahusu miliampea 5, si mkondo wowote ule.

Na kona hiyo ya mviringo ndiyo sababu sikushauri ubaki na 3.3 V, achilia mbali joto. Kwa kipinga cha 1 kΩ, betri ikitoka 12 V mpaka 14.4 V mkondo wa zena unaongezeka miliampea 2 na zaidi, na volti ya zena yenyewe inasogea kama sehemu moja ya kumi ya volti. Rula yako inarefuka pamoja na kitu unachokipima. Inakata pale ulipoipangia, lakini kiwango cha kuirudisha chaji kinakuwa cha kubahatisha.

Je, uweke nini? Rahisi kuliko vyote ni 5.6 V na kipinga cha 1.8 kΩ, kisha urekebishe upya kigawanyaji chako, vile vipinga vinavyoipa LM358 kipande cha volti ya betri. Kwa nyuzi zile zile 35, itasogea kiasi cha milivolti 40, na kiwango chako kitatoka 14.4 mpaka 14.5. Ya 5.1 V itakwenda kama 14.3. Si sifuri, na zena moja na nyengine za aina hiyo hiyo hutofautiana, nyengine inapanda na jirani yake inashuka, lakini umeshapunguza tatizo kwa theluthi mbili au zaidi. Kama siku nyengine utahitaji rejeleo la volti kubwa, unga mbili ndogo mfululizo badala ya moja kubwa: zena moja ya 12 V hupanda zaidi ya milivolti 8 kwa nyuzi, wakati mbili za 5.6 V zinazotoa 11.2 V hupanda kama 2.4 tu kwa pamoja.

Kilicho bora zaidi pengine unacho tayari kwenye boksi la vyuma chakavu. Fungua pawasapulai mbovu ya kompyuta, tafuta kitu cha miguu mitatu kinachofanana na transista ndogo, karibu na ile IC ya miguu minne inayopeleka taarifa kwa mwanga, kimeandikwa TL431. Ukiunganisha mguu wa REF na mguu wa katodi, kinakaa kwenye 2.5 V na hakisogei zaidi ya milivolti chache kwa joto lote la dari lako. Hakitumii kuvunjika kwa namna yoyote. Ndani kinajumlisha volti moja inayopanda kwa joto na nyengine inayoshuka, mpaka zikafutana. Kinahitaji angalau miliampea 1 ili kifanye kazi.

Hata hivyo, ukiweka TL431 peke yake na ukapata 14.4 V asubuhi na mchana bila kutikisika, betri zako bado zitakunywa maji mchana. Betri ya risasi na tindikali yenyewe ina hesabu yake ya joto. Ikipata joto, kemia yake inakwenda mbio, na volti ya kuikatia inatakiwa ishuke, takriban milivolti 4 kwa kila seli kwa kila nyuzi. Betri ya 12 V ina seli 6, kwa hiyo ni milivolti 24 kwa nyuzi. Betri iliyokatwa vizuri kwa 14.4 V ikiwa na nyuzi 25, inataka ikatwe karibu 14.16 V ikiwa na nyuzi 35. Sasa unaona kwa nini zena yako ya kwanza ilikuumiza mara mbili: betri ilitaka namba ishuke, na maporomoko yakaipandisha. Na ile ya 3.3 V uliyoiona mbovu ilikuwa inakwenda upande uliotakiwa na betri, ila si kwa kipimo sahihi, na ilikuwa ikilisikia joto la sanduku badala ya joto la betri. Sanduku lililo chini ya bati linaweza kuwa na nyuzi 60 wakati betri iliyo chini kwenye saruji, kivulini, ina 32.

Kwa hiyo lisilotikisika liwe moja, na linaloshuka liwe jengine, na hilo linaloshuka likae kwenye betri. Dioda ya kawaida ikiungwa mbele, si kinyume, hushuka karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi, na inafanya hivyo kwa uaminifu mkubwa. Chukua 1N4148 nne, ziunge mfululizo kuelekea mbele, juu ya TL431. Mkondo utoke chanya kupitia kipinga cha 1.8 kΩ, upite dioda nne, uingie TL431, ushuke hasi. Rejeleo lako lichukue juu kabisa ya dioda, kwenye makutano na kipinga. Hapo utapata karibu 5.3 V, ambazo LM358 inazimudu. Dioda nne zinashuka milivolti 8 kwa nyuzi, na kwa kuwa 14.4 ni kubwa kuliko 5.3 kwa mara 2.7, kiwango chako cha kukata kitashuka karibu milivolti 22 kwa kila nyuzi. Betri ilitaka 24. Kwa kazi yako hiyo inatosha kabisa.

Dioda hizo nne zitoe nje ya sanduku kwa waya mbili, zizungushie tepu nzuri zisiguswe na tindikali, na zibandike ubavuni mwa betri, usawa wa katikati ambapo ndani mna maji. Weka kapasita ya 100 nF kati ya rejeleo na hasi ndani ya sanduku, kwani waya ndefu huokota kelele na LM358 itaanza kukata na kurudisha bila mpango. Kama unachaji betri kadhaa kwa mpigo, dioda zikae kwenye ile inayopata joto zaidi. Na hii 14.4 V ninayoitumia ni ya betri za kuongezwa maji. Betri iliyofungwa kabisa ina namba yake ubavuni, uifuate hiyo.

Siku ya kurekebisha, fanya mapema asubuhi, betri ikiwa imelala usiku kucha bila kuchajiwa. Washa saketi, iache dakika kumi, ishike betri joto lake, na urekebishe kigawanyaji kikate kwenye 14.4 V ikiwa betri ina nyuzi 25 hivi. Ikiwa 30, ipangie 14.3. Kisha rudi saa 8 mchana na uisome tena. Betri ikiwa na nyuzi 35 unatakiwa uone karibu 14.2. Ikiwa tangu asubuhi haikubali kukata kabisa, angalia kama umeunga dioda nne kinyume.

Betri ambazo zimeshachajiwa 14.7 V mchana wiki baada ya wiki, usizihukumu kwa barua yangu. Kila seli iongezwe maji safi ya betri, yasiyo ya bomba wala ya kisima, ichajiwe ijae, ikae saa kadhaa, kisha ipimwe kwa haidromita seli moja moja. Seli moja ikiwa chini sana ya wenzake, au betri ikivimba ubavu, au ikapata joto hata mkono hauvumilii, au ikatoa harufu ya yai viza, izime chaji kutokea mbali na betri, fungua madirisha, na mwite mtu anayefanya kazi ya betri aje aione hapo hapo. Usiiinamie na usiwashe wala kuzima kitu chochote karibu nayo, kwani katika gesi inayotoka mna haidrojeni na cheche moja inaweza kuilipua. Saketi nyengine zote unaweza kuzijaribu mezani, lakini hiyo ikufikie ukiwa na mtu wa pili na ndoo ya maji safi pembeni.